Ubeti wa Tatu

Wanafunzi wake walimbatiza jina la Bi Mizani kwa sababu hakuwahi kusoma mstari wa shairi bila kuhesabu silabi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Alihesabu hata matangazo ya mazishi. Mumewe aliwahi kumwambia kwamba siku atakapokufa yeye, ajitahidi kulia kwanza, mizani atahesabu baadaye. Bi Mizani alijibu kwamba vyote viwili vinawezekana kwa pamoja.

Huu ulikuwa mwaka wake wa sita kuitwa kusahihisha mtihani wa taifa, na kuitwa si jambo dogo. Barua huja kwa mwalimu mmoja, wenzake watano wakabaki wamenuna. Kituo kilikuwa shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Simu zilikusanywa mlangoni asubuhi na kutiwa kwenye bahasha zenye namba, na mlinzi aliyezipokea alikuwa na uso wa mtu ambaye hajawahi kuchekeshwa. Ndani ya ukumbi walipanga meza kumi na moja, wasahihishaji sita kila meza. Kazi ilikwenda kwa mkanda: kila mmoja anashika swali lake moja tu, akimaliza anasukuma kijitabu cha majibu kwa jirani wa kulia, mpaka kizunguke meza nzima. Bi Mizani alikuwa meza ya nne, swali la tano. Ushairi.

Kiongozi wa meza ya nne alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mrefu, mwembamba, aliyenyooka hata akiwa amekaa. Wote walimwita Rula. Kazi yake ilikuwa kuchukua kijitabu kimoja katika kila kumi na kukisahihisha upya kwa kalamu ya kijani, ili kuona kama nyekundu ya msahihishaji imepotoka. Ukipishana naye kwa zaidi ya alama mbili, unaonywa. Ukipishana naye mara tatu, unarudi kwenu.

“Shemeji,” alimwambia asubuhi ile ya kwanza ya kazi yenyewe, akimwekea rundo mezani, “mwaka huu usinitie aibu. Nimewaambia watu sisi si ndugu.”

“Ungewaambia ukweli tu. Wakiona mimi nilivyo na akili, watajua hatufanani.”

Rula alicheka kwa pua na kwenda zake.

Siku mbili zilizotangulia walikuwa wameziteketeza kwenye kikao cha kulinganisha usahihishaji. Walipewa mwongozo, wakapewa nakala nane za majibu za kujaribia, wakabishana, wakakubaliana, wakatia sahihi. Shairi lenyewe lilikuwa limechapwa ndani ya mwongozo, ukurasa wa tisa, ndiyo maana hakuna aliyehangaika kutafuta karatasi ya maswali. Ya nini? Shairi si hili hapa. Kila mwaka ilikuwa hivyohivyo, na hizo nakala nane zilitoka kwa watoto walioandika mistari mitatu kila mmoja na kukata tamaa.

Aliyeongoza kikao alikuwa Mkuu, msahihishaji mkuu wa somo, mzee wa sauti nzito na koti la kaki lisilobadilika. Alilighani shairi lote kwa moyo, macho amefumba, vidole vikigonga paja. Alipofika ubeti wa pili alisema, “Miguu imenichoka, bado sijaka—” kisha akafumbua macho, akatazama karatasi, akakohoa. “Miguu imenichoka, nami nangoja ishara.” Watu walidhani ni uzee. Bi Mizani naye alidhani ni uzee, akasahau.

Mwongozo wenyewe ulikuwa mwepesi kuufuata. Sehemu ya kwanza, muundo: tarbia, kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne, beti tatu, vipande viwili kila mshororo, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, jumla kumi na sita, kibwagizo kipo. Sehemu ya pili, mpangilio wa vina na bahari yake, alama nne: ukaraguni, kwa sababu vina vya kati na vya mwisho vinabadilika kila ubeti, ni na wa, ka na ra, da na ni, ukiacha kibwagizo kinachojirudia. Sehemu ya tatu, ujumbe wa mshairi na uthibitisho kutoka ubeti wa tatu, alama nne: mshairi anawahimiza wanyonge wawe na subira, wenye uwezo watawakumbuka. Na ubeti huo wa tatu ulikuwa huu:

*Basi nitangoja muda, nitulie kivulini,*
*Nisilete tena shida, nisisumbue nyumbani,*
*Wema wao ni ibada, watakumbuka rohoni,*
*Sibishi tena kwa woga, lango litafunguliwa.*

Bi Mizani hakuupenda. Mizani ilitimia, vina vilikaa, lakini kibwagizo kilipwaya pale kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Mtu anatulia kivulini asisumbue, halafu anatuambia habishi tena kwa woga? Basi habishi kabisa! Alilisema hilo kwenye kikao. Mkuu akamjibu kwamba wamekuja kusahihisha watahiniwa, hawakuja kumsahihisha mshairi, na ukumbi mzima ukacheka.

Sasa alikuwa na kalamu nyekundu na rundo. Sehemu ya kwanza watoto walifanya vizuri mno. Sehemu ya pili walianguka vibaya. Wengi waliandika ukara, vina vya kati vinabadilika lakini vya mwisho havibadiliki. Wengine waliandika ukaraguni bila kuthibitisha, kwa vile ndilo neno refu kuliko yote waliyokariri. Yeye aliwapa sifuri wale, akawapa hawa mbili kati ya nne. Akiwa na kijitabu cha tisa au cha kumi, mtahiniwa mmoja mwenye mwandiko mdogo uliolala alimwandikia hivi kwenye sehemu ya tatu: *Mshairi haombi tena. Anadai. Nadhani aliandika shairi hili siku aliyochoka kuogopa. Anasema, “Hapa sibanduki mimi, hata kama nazomewa.”*

Bi Mizani alihesabu kwa vidole. Nane, nane. Akarudi ukurasa wa tisa wa mwongozo, akautafuta mstari huo ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Haupo.

“Mtoto huyu amemtungia mshairi mstari,” alimwambia jirani yake wa kulia, kijana wa swali la sita. “Na umetimia mizani, mshenzi yule.”

“Mpe cheti cha ushairi,” alisema kijana, “alama mpe sifuri.”

Akampa sifuri. Aliiandika kubwa, ya mviringo, akaizungushia duara kama ilivyotakiwa, akasukuma kijitabu kulia. Kisha akasahihisha vingine thelathini na kitu.

Saa nne walitoka kunywa chai barazani, vikombe vya plastiki na mkate mkavu. Wasahihishaji wa swali la tano kutoka meza zote hukusanyika bila kuitana, kwa kuwa wanaumia mahali pamoja. Mwalimu wa meza ya saba, mcheshi mwenye tumbo, ndiye aliyeanza.

“Jamani, watoto wa mwaka huu wamekuwa malenga. Mimi nina mmoja ameniandikia, sikilizeni, ‘Nimeufunza ulimi, kudai si kuombewa!’ Wapi na wapi?”

Watu wakaangua kicheko. Bibi mmoja wa meza ya pili, mwenye miwani ya kamba, akafuta machozi. “Wako huyo ana nafuu. Wangu kasema, ‘Na nyuma yangu ni kumi, wote wamekataliwa.’ Nikajiuliza, kumi gani hao, mbona wananitisha!”

Wakacheka zaidi. Bi Mizani alikuwa na mkate mdomoni, akaacha kutafuna. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshaanza vyenyewe. Ulimi, kumi. Kuombewa, kataliwa. Akameza mkate mzimamzima.

“‘Hapa sibanduki mimi,’” alisema.

“‘Hata kama nazomewa,’” akamalizia mwalimu mwenye tumbo, bado anacheka. “Ee, huo nao ninao. Umeujuaje?”

Bi Mizani alitazama nyuso zao, mmoja mmoja, mpaka kicheko kikakauka. “Watoto wa shule tatu tofauti,” alisema polepole, “wamekaa vyumba vitatu tofauti, siku moja, wakatunga ubeti mmoja. Nyie mnaliamini hilo?”

Bibi wa miwani aliweka kikombe chini.

“Kuna mtu yeyote hapa ameiona karatasi ya maswali? Yenyewe, waliyopewa watoto?”

Wakatazamana. Walimu kumi na mmoja wa ushairi, wote wakongwe, wote wajuzi, siku tatu wanabishana juu ya shairi, na hakuna hata mmoja aliyelisoma shairi walilopewa watoto. Bi Mizani pia alikuwa mmoja wao.

Aliacha chai, akarudi ukumbini, akaanza kufungua vijitabu kimoja kimoja. Alijua anachokitafuta. Watahiniwa huambiwa warudishe majibu tu, lakini kila mwaka wapo wenye haraka wanaofunga kwa uzi kila kilichokuwa mezani, pamoja na karatasi ya maswali na mara nyingine karatasi ya kujaribia. Kwenye rundo la tatu aliipata, imekunjwa mara nne nyuma ya kijitabu. Aliinyoosha juu ya meza kwa kiganja.

Ubeti wa kwanza ulikuwa uleule:

*Nimesimama langoni, nangoja kuitikiwa,*
*Wenye nyumba wako ndani, nasikia wanagawa,*
*Nakaa mimi juani, kivulini sijatiwa,*
*Sibishi tena kwa woga, lango litafunguliwa.*

Wa pili ulianza na *Miguu imenichoka, bado sijakaribiwa*. Na wa tatu ulikuwa huu:

*Hapa sibanduki mimi, hata kama nazomewa,*
*Nimeufunza ulimi, kudai si kuombewa,*
*Na nyuma yangu ni kumi, wote wamekataliwa,*
*Sibishi tena kwa woga, lango litafunguliwa.*

Ni na wa. Ka na wa. Mi na wa. Vya kati vinabadilika, vya mwisho vinatiririka mpaka chini. Ukara, safi kabisa, usio na doa. Na kibwagizo kilikuwa kimekaa mahali pake, hakipwayi tena hata kidogo. Beti zilikuwa tatu kule na tatu huku, mishororo minne kule na minne huku, mizani zilezile. Ndiyo maana sehemu ya kwanza haikumshtua mtu. Watoto walikuwa wamesoma kilichokuwa mbele yao wakajibu sawasawa, naye alikuwa amewachinja tangu saa mbili asubuhi kwa kalamu yake mwenyewe.

Alimwonyesha Rula. Rula aliisoma mara mbili, shingo ikazidi kunyooka.

“Shemeji, ficha hiyo.”

“Niifiche wapi? Imechapwa nchi nzima.”

“Mwongozo umetiwa sahihi. Mimi nimetia, wewe umetia. Kubadilisha si kazi yangu wala yako.”

“Basi muite mwenye kazi.”

“Ukimwita Mkuu kwa jambo hili, unasema mbele ya watu kwamba kamati ya kutunga mtihani ilipeleka shairi lisilo lake kwenye kiwanda cha uchapaji. Unajua hiyo inamaanisha nini? Watu watafukuzwa. Na wa kwanza kukasirikiwa ni aliyepiga kelele.” Aliinama karibu. “Kaka atanilaumu mimi. Tafadhali. Sahihisha kama wengine.”

Bi Mizani alimpenda shemeji yake, na hofu machoni mwake ilimwingia kidogo. Alikaa. Akavuta kijitabu kilichofuata. Mtoto ameandika ukara, amethibitisha, ametaja vina vyote sita. Kalamu ilikaa juu ya karatasi. Bi Mizani aliandika nne. Kwenye ujumbe, mtoto amesema mshairi anakataa kunyamazishwa. Akaandika nne. Akafanya hivyo kwa vijitabu vitano, na cha tano Rula akakichukua, akakipitia kwa kijani, sifuri na sifuri, akakirudisha bila kumtazama usoni.

“Umepishana na mimi kwa alama nane.”

“Umepishana na shairi kwa alama nane. Mimi nimeandika kilichopo.”

“Shemeji, hili ni onyo la kwanza.”

“Niandikie na la pili na la tatu, tusipotezeane muda.”

Akafunga kalamu nyekundu, kifuniko kikalia tak, akaiweka katikati ya meza. “Kwa mwongozo ule sisahihishi,” alisema, sasa kwa sauti ya darasani, inayofika dawati la mwisho. “Na kitini hapa sitoki.”

Kitu kimoja kuhusu mkanda: hauwezi kumruka mtu. Kijana wa swali la nne alimaliza kijitabu akakisukuma kwa Bi Mizani, kikakaa. Akasukuma kingine. Vikapandana. Kijana wa swali la sita, upande wa pili, alibaki mikono mitupu anatazama dari. Baada ya robo saa meza ya nne yote ilikuwa imesimama, na rundo mbele ya Bi Mizani lilikuwa limefika kidevuni. Watu wa meza nyingine walianza kunyoosha shingo.

Mkuu akaja. Alitembea polepole katikati ya meza, koti la kaki, mikono nyuma. Rula alimnong'oneza, akampa karatasi ya maswali. Mkuu hakuisoma. Aliitupia jicho mara moja tu, akaikunja.

“Mwalimu,” alisema kwa upole, “nimeambiwa unaumwa. Nenda bwenini upumzike.”

“Siumwi, Mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Basi unisikilize. Kosa limetokea, sikatai. Lakini mitihani mingi ina makosa. Baada ya kazi hii alama husawazishwa. Swali likiwa gumu kwa wote, wote huinuliwa. Hakuna mtoto atakayeumia.”

Maneno yale yalikuwa matamu, na watu kadhaa waliokuwa wamesogea walitikisa vichwa kukubali. Bi Mizani aliyafikiria kwa haki. Kisha akaona mahali yanapovuja.

“Si gumu kwa wote, Mzee. Aliyekariri neno ukaraguni toka nyumbani akalibandika bila kutazama shairi, leo anapata. Anayeandika kila mwaka kwamba mshairi anahimiza subira, kwa sababu mwalimu wake alimwambia washairi wote huhimiza subira, leo anapata. Anayekosa ni yule aliyesoma. Ukiwainua wote, unamwinua aliyesoma na aliyebahatisha pamoja, na yule aliyebahatisha bado yuko juu yake. Hicho ndicho tunachopima hapa? Nani hakusoma?”

“Mwalimu, nakuomba kwa mara ya mwisho. Toka ukumbini. Jina lako nitaliondoa kwenye orodha, na mwakani hutaitwa.”

Hapo aliogopa. Aliwaza wenzake shuleni wakimwona anarudi na begi kabla ya wakati, aliwaza mumewe akimfungulia mlango bila kuuliza kitu, jambo ambalo lingekuwa baya kuliko kuulizwa. Miaka sita ya kuitwa. Halafu akakumbuka ile sifuri kubwa ya mviringo, na mwandiko mdogo uliolala, na hasira ikapanda ikaisukuma hofu pembeni.

“Niondoe,” alisema. “Lakini leo nipo.”

Kutoka meza ya saba kikasikika kifuniko cha kalamu. Tak. Mwalimu mwenye tumbo alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo lake. Bibi wa miwani wa meza ya pili akafunga yake. Halafu meza ya tisa. Halafu meza ya kwanza, ambako alikaa mwanamke mpole ambaye kwa siku tatu hakuwa amesema neno. Vifuniko vililia huku na huku, na Bi Mizani, kwa mazoea tu, akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Vilikwisha, akahamia mkono wa kulia. Kumi.

Mkuu naye alikuwa anahesabu. Bi Mizani aliona vidole vya mzee vikigonga paja, koti la kaki likitikisika kidogo, na ghafla akakumbuka alivyoghani kikaoni, macho amefumba. *Bado sijaka—* Ulimi hauwezi kutelezea kwenye mstari ambao mtu hajawahi kuujua. Mstari ule haukuwa kwenye mwongozo. Ulikuwa kwenye karatasi ya watoto, na kichwani mwa aliyeutunga.

Bi Mizani alisimama kwa mara ya kwanza. Alikwenda kwenye rundo la vijitabu vilivyomaliza mzunguko, akachambua mpaka akakipata chenye mwandiko uliolala, akarudi nacho. Alizungumza kwa sauti ya chini, asisikie mtu mwingine ila Rula.

“Mzee, soma hiki. Sehemu ya tatu.”

Mkuu alitoa miwani. Alisoma. Midomo yake ilitikisika bila sauti: *Nadhani aliandika shairi hili siku aliyochoka kuogopa.* Chini yake ilikaa sifuri nyekundu. Alisoma tena. Akavuta kiti cha kijana wa swali la sita, aliyekuwa amesogea pembeni, na kukikalia, bila kuomba.

“Amejuaje?” alisema.

“Ulimwambia wewe. Kwa mishororo kumi na miwili.”

Aliifuta miwani kwa upindo wa koti. “Kwenye kamati walisema ubeti wa tatu una kiburi,” alisema, macho yakirudi kwenye ule mwandiko uliolala. “Wakasema watoto wataandamana. Walinicheka, mwalimu. Watu wazima wanacheka ubeti. Nikaandika beti mbili nyingine usiku uleule, nikabadilisha na mwongozo, nikatia sahihi. Kiwandani wakachapa la kwanza, sijui nani alikosea. Nililiona siku ya mtihani. Nilifurahi. Halafu nikaogopa, nikanyamaza.”

“Na sisi ukatuacha tuwakate watoto waliokuelewa.”

Bi Mizani hakumwonea huruma. Baadaye, labda, si kwa wakati ule. Alisogeza kalamu yake nyekundu mpaka ikafika mbele ya mkono wa mzee.

Mkuu hakuichukua. Alitoa yake mfukoni, nyeusi, akainuka, akaenda mbele ukumbini kwenye ubao. Aliandika kwa chaki, herufi kubwa: *Swali la 5, sehemu ya pili: UKARA. Vina: ni-wa, ka-wa, mi-wa. Sehemu ya tatu: mshairi anawahimiza walionyimwa wasimame kudai haki yao bila woga. Vijitabu vyote vilivyokwisha kusahihishwa virudiwe.* Kisha akachukua mwongozo wake mwenyewe, akafungua ukurasa wa tisa, akakata beti mbili za mwisho kwa mstari mmoja mnene, akaandika zile za awali pembeni bila kutazama popote, akatia sahihi, tarehe na saa.

“Andika kwenye ripoti,” alimwambia Rula, “kwamba aliyetunga ni mimi, aliyebadilisha ni mimi na aliyenyamaza ni mimi. Na aliyegundua mtaje kwa namba yake.”

“Wataniondoa na mimi, Mzee?” aliuliza Rula, mgongo wake kwa mara ya kwanza umepinda kidogo.

“Wewe ulifuata mwongozo,” alisema Mkuu. “Hilo haliadhibiwi kamwe.”

Kalamu kumi na moja zilifunguliwa. Mkanda ukaanza tena kutembea, kwanza taratibu, halafu kwa kasi ya watu wanaotaka kufidia. Bi Mizani alivitoa vijitabu vyake vya asubuhi, arobaini na vitatu, akaanza na ule mwandiko uliolala. Kanuni ni kwamba alama ikibadilishwa, ya zamani ikatwe isomeke, mpya iandikwe kando, na msahihishaji atie herufi za jina lake ili ijulikane nani alikosea. Akaikata sifuri. Akaandika nne. Akatia herufi zake mbili, wazi kabisa, na akafanya hivyo kwa wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkono ukauma.

Jioni walipopanga foleni kuchukua simu, Rula alisimama nyuma yake. Mlinzi asiyechekeshwa alikuwa anatafuta bahasha.

“Shemeji,” Rula alisema kwa sauti ya chini, “waliopo juu wamepigiwa simu. Mkuu kesho haji. Na jina lako limeshakatwa. Mwakani hutaitwa.”

Bi Mizani alipokea simu yake, akaiwasha, akaona mumewe amempigia mara mbili. Kifuani palimuuma, akakubali paume. Halafu akalitazama lile geti kubwa la shule, la chuma, lililofungwa kwa komeo kati yao na njia ya bwenini.

“Nitakuja hivyohivyo,” alisema. “Nitasimama hapa hapa. Uje unifungulie.”

Rula alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akatangulia mbele, akamwomba mlinzi asogee pembeni, akalivuta komeo kwa mikono yake miwili.